Kiungo Kilikataa, Muda Umepotea: Umwandikie Nini Afisa Ajira?

Kwenye skrini ya afisa ajira, mwombaji ambaye kiungo chake kilikataa kufunguka na mwombaji aliyeghairi wanaonekana sawasawa. Kila mmoja ana jina, nafasi anayoomba na tarehe aliyotumiwa mwaliko wa usaili, na mbele ya hayo kuna pengo: hajachagua muda. Hakuna taa nyekundu inayowaka kusema kwamba huyu wa kwanza alihangaika usiku kucha na ukurasa usiofunguka. Afisa mwenye waombaji kumi na wawili na siku mbili za usaili hana sababu ya kumtafuta mtu aliyenyamaza. Atasubiri hadi muda wa mwisho, kisha atafunga orodha na kuendelea na waliopo.

Waombaji wengi hawalijui jambo hili, na ndiyo maana hukaa kimya. Wanadhani hitilafu iliyo wazi kwao iko wazi pia upande wa pili, na kwamba mtu fulani wa kompyuta ameshaiona na anairekebisha. Mara nyingi hakuna aliyeiona. Ujumbe wako ndio utakaomfahamisha afisa kwamba kuna tatizo, na jinsi utakavyouandika ndiyo itakayoamua kama anaweza kukusaidia kwa dakika mbili au atauweka kando asome baadaye.

Ili kuuandika vizuri, inafaa kwanza kujua kiungo hiki kinafanya kazi vipi. Zamani afisa ajira alipiga simu: "Unaweza Alhamisi asubuhi?" Siku hizi kampuni nyingi, hasa zenye ofisi katika nchi zaidi ya moja, hutumia mifumo kama Calendly, Microsoft Bookings, au sehemu ya kupangia miadi iliyomo ndani ya Kalenda ya Google. Afisa huunganisha kalenda yake na za wanajopo, anaandika kwamba usaili ni dakika 45, anaweka siku na saa zinazoruhusiwa, na mfumo unamtengenezea anwani ya mtandaoni. Wewe ukiifungua unaona nyakati ambazo jopo zima liko huru. Ukibofya mmoja na kuthibitisha, mfumo unauandika kwenye kalenda zote na kukutumia barua pepe.

Neno la kukazia hapo ni kuthibitisha. Kuuona muda si kuushika. Watu watatu wanaweza kuutazama ule wa saa nane mchana kwa wakati mmoja, na atakayemaliza kujaza jina na kubofya kitufe cha mwisho ndiye mwenyewe. Kwa hiyo kuna waliopoteza muda bila kukutana na kiungo kibovu kabisa: walichagua, ukurasa ukazungukazunguka, mtandao ukakatika, wakafunga simu wakiamini mambo yamekwisha. Dalili yake ni moja tu na haina utata. Kama hukupata barua pepe ya uthibitisho, na hakuna tukio lililoingia kwenye kalenda yako, huna miadi. Tazama kwenye folda ya barua taka, na usipoikuta huko, ichukulie kwamba hakuna.

Kiungo chenyewe nacho kina njia zake za kufa, na nyingi ni za kibinadamu. Afisa anabadilisha jina la ukurasa wake wa miadi, mathalani kutoka "usaili-februari" kuwa "usaili-machi", na katika baadhi ya mifumo mkia wa anwani unaweza kubadilika pamoja nalo. Barua zilizokwisha kutumwa zinabaki zikielekeza mahali pasipokuwapo tena. Au anauzima ukurasa kwa muda ili arekebishe jambo, kisha anasahau kuuwasha. Au tarehe za usaili zilizowekwa zinapita. Vipo pia viungo vya kutumika mara moja tu. Na vipo vinavyokatika njiani: mtu amekusambazia kwa WhatsApp, anwani ikagawanyika katika mistari miwili au ikabeba nukta ya mwisho wa sentensi, na sasa herufi moja ya ziada inakupeleka kusikojulikana.

Kabla ya kuandika chochote, tumia dakika tano kujua kosa liko upande gani, maana afisa atakuuliza. Nakili anwani yote, kuanzia `https` hadi herufi ya mwisho, na uibandike mwenyewe kwenye kivinjari, badala ya kuifungua ndani ya programu ya barua pepe au ya ujumbe. Jaribu kwenye kifaa kingine, kisha kwenye mtandao mwingine. Mitandao ya baadhi ya ofisi huzuia kurasa fulani, ilhali data ya simu yako inazifungua bila shida. Soma pia kilichoandikwa. Ukurasa ukionyesha namba 404, mfumo unafanya kazi ila anwani uliyoileta haipo. Kwenye Calendly maneno yake ni `This Calendly URL is not valid`. Ukiona 500, 502 au 503, mitambo ya mfumo wenyewe imeelemewa au imeharibika; hapo subiri dakika kumi ujaribu tena, kwa kuwa mara nyingi hupona yenyewe. Na ukurasa ukifunguka vizuri lakini usionyeshe muda wowote, hilo ni jambo jingine kabisa, nalo linahitaji kuelezwa kwa mfano.

Tuseme kuna mwombaji wa kazi ya mhasibu msaidizi anayeishi Tanga. Mfano huu ni wa kutunga, ila kila kilichomo hutokea. Afisa ajira yuko Nairobi, na meneja atakayemsaili yuko London. Nitatumia saa za kwenye skrini, yaani 14:00 kwa saa nane mchana. Jumatatu tarehe 2 Machi, 16:20, mwombaji anapokea barua: umechaguliwa kwa usaili, chagua muda kwa kiungo hiki kabla ya Jumatano 12:00. Usaili utafanyika Alhamisi na Ijumaa, nafasi nne kila siku, kuanzia 12:00, kwa sababu mwezi Machi mwanzoni saa 12:00 ya Tanga na Nairobi ni 09:00 ya London, meneja ndiyo kwanza anaingia kazini.

Mwombaji anafungua kiungo 19:10 kwa simu. Anwani si sahihi. Anadhani ni mtandao wa mtaani kwake. Jumanne 08:30 anajaribu kwa kompyuta ya kazini, na jibu ni lile lile. Anaamua kusubiri, labda watarekebisha. Kumbe afisa alibadilisha jina la ukurasa Jumatatu jioni baada ya kutuma barua za kwanza, na waliopata barua za baadaye wana anwani nzima na wanaendelea kuchagua. Jumatano 09:05 anajaribu tena. Safari hii ukurasa unafunguka, kwa kuwa mwombaji mwingine alilalamika na afisa ameelekeza anwani ya zamani kwenye mpya. Lakini Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa hakuna kitu. Siku zote ni za kijivu.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Nafasi zilikuwa nane. Waombaji wenzake walichukua tano: mbili za Alhamisi na tatu za Ijumaa. Ya sita, Ijumaa 15:00, haikuchukuliwa na msailiwa yeyote. Meneja aliwekewa kikao kwenye kalenda yake, na mfumo ukaifunga papo hapo. Mbili zilizosalia, Alhamisi 14:00 na 15:00, ziko tupu kabisa. Hazionekani kwa sababu ya sharti ambalo afisa aliliweka miezi mingi iliyopita na kulisahau: mtu asiruhusiwe kuweka miadi ikiwa imebaki chini ya saa 48. Nafasi ya Alhamisi 14:00 ilifichika Jumanne 14:00, na ile ya 15:00 ikafuata saa moja baadaye. Barua ilimwambia mwombaji ana hadi Jumatano adhuhuri, huku mfumo ukiwa umeshafunga Alhamisi yote tangu jana yake.

Afisa mwenyewe huenda halioni hili hadi afungue kalenda ya meneja kwa mkono. Sharti la muda wa taarifa ni kitu cha mara moja. Unalijaza siku ya kwanza unapofungua akaunti, na baada ya hapo linafanya kazi kimyakimya. Anayeona siku za kijivu anasema "zimejaa". Mfumo haukusema hivyo. Ulisema tu kwamba hauna muda wa kukuonyesha wewe, sasa hivi, kwa masharti uliyopewa. Kwa hiyo ujumbe wa mwombaji huyu hauombi huruma ya kuongezewa kiti pasipo na kiti. Unamwomba mtu mwenye funguo afungue kalenda na kutazama.

Sasa tuone barua ya aina ambayo maofisa ajira wengi wameshaipokea:

"Habari. Naomba radhi sana kwa usumbufu. Tangu juzi nimekuwa nikijaribu kufungua linki yenu bila mafanikio, na sasa naona nafasi zote zimeshachukuliwa. Nimesikitika sana maana nafasi hii nimeisubiri kwa muda mrefu na naamini vigezo vyote ninavyo. Naomba mnifikirie. Mungu awabariki."

Hakuna tusi humo, na adabu imejaa tele. Tatizo ni kwamba aliyeipokea hana la kufanya nayo. Nafasi ipi? Yeye ana matangazo matatu yanayoendelea. Linki ilikataa vipi, ilionyesha nini, saa ngapi? Huyu mtu anataka apangiwe lini? "Mnifikirie" ni ombi ambalo haliwezi kutimizwa kwa kubofya mahali popote. Ili kumsaidia, afisa inabidi aandike maswali manne na kusubiri majibu, na ikiwa usaili ni kesho, majibu hayo yatakuta mlango umefungwa. Halafu ile radhi iliyotangulizwa inamfanya mwandishi aonekane ndiye mkosaji, wakati kosa si lake.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la mtu aliyeghadhibika: "Mfumo wenu ni mbovu, mmeninyima haki yangu." Hata kama ni kweli, afisa anayesoma hivyo anaanza kujitetea badala ya kutafuta muda, na kumbuka huyu ndiye atakayemwandikia meneja kueleza kwa nini mtu mmoja aongezwe dakika za mwisho.

Barua ya mwombaji wetu ingeweza kuwa hivi, baada ya kumtaja afisa kwa jina lake na salamu ya mstari mmoja:

"Naandika kuhusu usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, mlionialika Jumatatu tarehe 2 Machi. Bado naitaka nafasi hii na niko tayari kwa usaili.

Kiungo cha kuchagua muda hakikufunguka kwangu. Nilijaribu Jumatatu 19:10 kwa simu na Jumanne 08:30 kwa kompyuta, kwa mitandao miwili tofauti, na mara zote ukurasa ulionyesha kwamba anwani si sahihi. Leo Jumatano 09:05 umefunguka, ila hauonyeshi muda wowote kwa Alhamisi wala Ijumaa. Nimeambatisha picha za skrini za Jumanne na za leo.

Naomba unisaidie kutazama kama upo muda mnaoweza kunipangia moja kwa moja. Naweza Alhamisi 12:00 hadi 16:00, Ijumaa 12:00 hadi 17:00, au Jumatatu tarehe 9 kuanzia 12:00. Saa zote ni za Afrika Mashariki. Mtu akiahirisha wiki hii, naweza kuingia kwa taarifa ya saa moja. Namba yangu ya simu iko hapa chini.

Ahsante."

Ni maneno machache, na kila kipande kina kazi. Sentensi ya kwanza inamwezesha afisa kumpata mwombaji kwenye orodha bila kutafuta. Ya pili, "bado naitaka nafasi hii", inaweza kuonekana ya bure, lakini ndiyo inayofuta ile maana ya kimya tuliyoianzia. Kwenye rekodi yake, hadi dakika hii, mwombaji huyu alikuwa mtu asiyejibu.

Aya ya hitilafu haina lawama wala maelezo ya kitaalamu. Inataja saa, kifaa na kilichoonekana. Angalia kwamba mwombaji hakuandika "nafasi zimechukuliwa na wengine", kwa kuwa hajui hivyo. Aliandika alichokiona, kwamba ukurasa hauonyeshi muda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayomfanya afisa ajiulize kwa nini Alhamisi haionekani ilhali kwenye kalenda ya meneja kuna nafasi mbili wazi. Picha za skrini nazo ziwe zile za mwanzo, zenye ujumbe wa kosa na saa ya simu juu yake. Picha ya leo peke yake inaonyesha ukurasa mzima usio na muda, jambo ambalo hata aliyechelewa kwa uzembe angeweza kulionyesha. Kwa hiyo zoea hili: kiungo kikikataa mara ya kwanza, piga picha kabla ya kukifunga.

Na kama ulichelewa, je? Kama barua ilikaa siku mbili kabla hujaifungua, kisha kiungo kikakataa, sema hivyo hivyo kwa sentensi moja: niliifungua barua Jumatano asubuhi. Baadhi ya mifumo ya ajira humwonyesha afisa siku barua ilipofunguliwa. Hadithi ya kujaribu tangu Jumatatu ikigongana na rekodi hiyo, tatizo la kiungo litakuwa limegeuka kuwa tatizo la uaminifu, na kwa mtu anayeomba kazi ya kushika hesabu za kampuni hilo ni zito kuliko usaili uliokosekana.

Aya ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Wengi huandika "niko tayari muda wowote" wakidhani wanarahisisha mambo. Afisa anaachiwa kazi ya kubuni, na anajua kwa uzoefu kwamba "muda wowote" hubadilika akishapendekeza saa. Vipindi vitatu vilivyotajwa kwa saa, vinavyoangukia ndani ya saa za kazi za jopo, vinaweza kunakiliwa na kupelekwa kwa meneja kama vilivyo. Ile ahadi ya kuingia kwa taarifa ya saa moja nayo si mapambo. Katika siku mbili za usaili si ajabu mtu mmoja akaahirisha au asitokee kabisa, na pengo likitokea saa tano asubuhi afisa humpigia anayejua kwamba atapokea simu. Ila usiahidi hivyo kama uko kazini mahali pasipo na faragha wala mtandao wa kuaminika.

Suala la saa linastahili tahadhari yake, kwa kuwa sisi tunahesabu tofauti. Ukimwandikia Mkenya au Mtanzania mwenzako "saa nne asubuhi", ataelewa. Mwenzake wa Dubai au London ambaye barua hiyo imepelekwa kwake baada ya kutafsiriwa harakaharaka atasoma 04:00, au atabaki anajiuliza. Andika 10:00 na utaje ni saa za wapi. Tanga, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko saa mbili mbele. Dubai na Muskati nne. London hubadilika, na hapo ndipo watu huteleza: Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa mbele, na tofauti yetu nayo inapungua kutoka saa tatu hadi mbili, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mifumo ya miadi hujaribu kusoma saa za eneo kutoka kwenye kifaa chako, kwa hiyo simu iliyowekwa saa za nchi nyingine inaweza kukuonyesha nafasi ya 12:00 ambayo kwa kweli ni ya 13:00.

Barua ipelekwe wapi? Jibu kwenye barua ile ile ya mwaliko, ili mazungumzo yote yabaki pamoja na afisa aone alichokutumia. Lakini tazama kwanza anwani ya mtumaji. Mialiko mingi hutoka kwenye mfumo, na anwani inayoanza na `no-reply` kwa kawaida haisomwi na mtu. Ukijibu huko umeandika kwenye maji. Tafuta jina na anwani ya afisa chini ya barua, au kwenye barua ya awali aliyokuandikia, na umwandikie yeye ukiwa umebandika ule mwaliko chini. WhatsApp ni sawa ikiwa yeye ndiye aliyeanza kuitumia na wewe. Kama tangazo la kazi lilikuwa kwa Kiingereza na mmekuwa mkiandikiana kwa Kiingereza, endelea na lugha hiyo. Mpangilio wa barua haubadiliki.

Usaili ukiwa kesho, usingoje barua ijibiwe kwa siku nzima. Ipeleke, subiri saa mbili au tatu za kazi, kisha piga simu kama namba imetolewa, na useme kwa sentensi mbili kwamba umetuma barua na inahusu nini. Usaili ukiwa wiki ijayo, siku moja ya kazi inatosha kabla ya kukumbusha, na ukumbusho wenyewe uwe juu ya barua ile ile, mstari mmoja. Kutuma barua tatu mpya zenye vichwa tofauti kunamfanya afisa asijue aijibu ipi.

Kuna hali mbili ambazo ushauri huu hauzifai. Ya kwanza ni ajira za utumishi wa umma Tanzania zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira. Huko hakuna kuchagua muda. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hutolewa likiwa na orodha ya majina, tarehe na mahali, na msailiwa hufuata ratiba aliyopangiwa. Tatizo la akaunti kwenye Ajira Portal hupelekwa kwa mawasiliano rasmi ya Sekretarieti yenyewe. Ya pili ni pale baada ya kiungo kukataa unapotumiwa kingine na mtu mpya, kwa anwani isiyo ya kampuni, akidai ada ndogo ya "kurudisha nafasi". Huyo si afisa ajira. Mwandikie yule wa kwanza, kwa anwani ya kwanza, umuulize kama ndiye aliyekituma.

Turudi Tanga. Afisa anasoma barua 09:40, anafungua kalenda ya meneja, anaona Alhamisi 14:00 na 15:00 ziko wazi, na anashangaa kwa nini hazikuchaguliwa na mtu. Anamwandikia meneja mstari mmoja, na kabla ya adhuhuri mwombaji anapata mwaliko uliotengenezwa kwa mkono, wa Alhamisi 14:00. Ingeweza kwenda vinginevyo pia. Meneja angeweza kusema amekwisha kuwapangia Alhamisi alasiri watu wengine, na afisa angejibu kwamba kwa awamu hii orodha imefungwa. Jibu la hilo ni fupi: ahsante kwa kuangalia, naomba jina langu libaki kwenye akiba endapo mtu ataahirisha au mtafanya awamu ya pili. Hapo huongezi hoja. Aliyekataliwa kwa sababu ya kalenda hajakataliwa kwa sababu ya sifa zake, na afisa analijua hilo. Barua ya pili ya kubishana ndiyo inayoweza kumfanya asahau tofauti hiyo.

Kwa aliyepata muda, imebaki barua moja ya mwisho: "Ahsante, nimethibitisha Alhamisi tarehe 5 Machi, 14:00 saa za Afrika Mashariki." Kisha afungue kiungo cha mkutano wenyewe Jumatano jioni, kwa kifaa na mtandao ule ule atakaoutumia kesho yake, ahakikishe kinafika kwenye chumba cha kusubiri. Kisipofika, bado ana usiku mmoja na anwani ya afisa anayeijua barua yake.